Nane Nne na Gemu Isiyoshuka

Ukikaa kwenye kibanda cha gemu, kiwe cha Tandika au cha Kawangware, hutakawia kusikia ushauri mmoja ukitolewa kabla mwenye shida hajamaliza kueleza shida yake. PS4 inavuta gemu siku ya tatu sasa na haijafika nusu? "Weka nane nne, kaka." Inagoma kuingia mtandaoni? Nane nne. Imetoa namba ya hitilafu ambayo hakuna anayeijua? Nane nne hizohizo. Anayeambiwa hufungua mipangilio, huandika 8.8.8.8, na mara nyingine mambo hunyooka papo hapo. Mara nyingine hakuna kinachobadilika. Na ziko mara, ambazo hakuna anayezisimulia, ambapo kasi inapungua kuliko mwanzo.

Wajuzi wa kompyuta wengi husikia habari hii wakacheka. Wanasema DNS haina uhusiano wowote na kasi ya kupakua, na kwamba waliopata nafuu walibahatika tu. Nadhani wanacheka mapema mno. Vijana wa kibandani wameona kitu cha kweli, ila sababu yake siyo ile wanayoidhania.

Tuanze na kazi yenyewe ya DNS. Konsoli yako inapotaka kuvuta gemu, hupewa jina la seva ya kwenda kuchukua mafaili. Kwa PS4, mojawapo ya majina hayo ni gs2.ww.prod.dl.playstation.net. Lakini mtandao hausafirishi kitu kwa kufuata jina. Husafirisha kwa kufuata namba, yaani anwani ya IP. Kwa hiyo konsoli lazima kwanza imuulize mtu: jina hili namba yake ni ipi? Huyo anayeulizwa ni seva ya DNS. Mfumo huu ulibuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla ya hapo majina ya kompyuta zote za mtandaoni yaliorodheshwa kwenye faili moja lililotunzwa na taasisi moja ya utafiti huko California, na kila mwenye kompyuta alipaswa kulinakili faili hilo upya kila lilipobadilika.

Usipogusa chochote, ruta yako ndiyo huiambia konsoli imuulize nani, na kwa kawaida anayeulizwa huwa ni seva ya kampuni inayokuuzia intaneti. Unapoandika 8.8.8.8 unaiambia konsoli iachane na huyo, iulize seva za Google, zilizofunguliwa kwa umma Desemba 2009. Ukiandika 1.1.1.1 unaulizia kwa Cloudflare, walioanza huduma yao tarehe 1 Aprili 2018. Zote mbili ni bure, na hakuna usajili.

Swali lenyewe huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Likishajibiwa, konsoli huenda moja kwa moja kwenye ile namba na kuanza kuvuta gigabaiti zake, na DNS haimo tena katika safari hiyo. Hapo ndipo wajuzi wanapojengea kicheko chao: kitu kinachofanya kazi mara moja mwanzoni kitaharakishaje upakuaji wa saa kumi?

Kabla ya kujibu hilo, tumalize upande ulio rahisi, ule wa hitilafu. Seva ya DNS ya mtoa huduma ikizimika, ikizidiwa, au ikitoa majibu ya zamani, konsoli haiwezi kupata namba ya seva yoyote. Laini ni nzima, bando lipo, waifai imejaa mistari yote, lakini huendi popote. PS4 katika hali hiyo huweza kuonyesha NW-31253-4, na Nintendo Switch huonyesha 2110-3127. Ukiona mojawapo, kubadilisha DNS ndiyo hatua ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ya mwisho.

Kama namba hizo hazikutokea, ingia kwenye Settings, kisha Network, kisha Test Internet Connection, na usome majibu kwa mpangilio wake. Mstari wa Obtain IP Address ukifeli, shida iko kati ya konsoli na ruta: nenosiri la waifai, umbali, au ruta yenyewe kuganda. DNS haijafikiwa hata kidogo, na ukiibadilisha unapoteza muda. Mstari huo ukifaulu, halafu Internet Connection ikafeli, chukua simu yako, zima data, iunge kwenye waifai hiyohiyo na ufungue ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo. Na simu ikigoma, mshuku mtoa huduma, ama laini yake ama DNS yake. Ukitaka kujua ni ipi kati ya hizo mbili, weka 8.8.8.8 kwenye konsoli: ikifunguka, ilikuwa DNS. Internet Connection ikifaulu lakini PlayStation Network Sign-In ikafeli, fungua status.playstation.com kwanza kabla hujagusa mpangilio wowote. Tarehe 7 Februari 2025 mtandao wa PlayStation ulianguka dunia nzima kwa takriban siku moja, na wote waliokuwa wakibadilisha namba za DNS usiku ule walikuwa wakihangaika na mashine ambayo haikuwa na kosa.

Sasa turudi kwenye kasi, maana ndiko kwenye utamu.

Gemu ya gigabaiti 50 haikai kwenye seva moja. Sony, kama ilivyo kwa kampuni nyingine kubwa, husambaza mafaili yake kupitia kampuni za usambazaji wa maudhui, kama vile Akamai, zenye maelfu ya seva zilizotawanywa duniani. Nyingine huwekwa ndani kabisa ya mitandao ya watoa huduma, katika mji uleule unaoishi. Faili ni lilelile kila mahali. Swali ni wewe utapewa lipi kati ya nakala hizo zote, na anayeamua ni DNS. Lile jina refu tuliloliona juu halina namba moja tu. Ukiliulizia ukiwa Dar es Salaam unaweza kupewa namba ya seva iliyo karibu. Mwingine akiliulizia akiwa Frankfurt atapewa ya huko.

Tatizo ni kwamba mgawaji wa namba hizo kwa kawaida hakuoni wewe. Anamwona aliyemfikishia swali, yaani seva yako ya DNS, na anakisia kwamba wewe uko karibu naye. Mtoa huduma wako akiwa na seva nzuri ya DNS hapa nchini, ukisio huo ni sahihi na unapelekwa kwenye nakala ya karibu. Ikiwa mtoa huduma huyo anapitishia maswali yake kwenye seva iliyo Ulaya, mgawaji atadhani uko Ulaya, naye atakupa seva ya Ulaya. Hapo nane nne huweza kukuokoa, kwa sababu Google hutuma pamoja na swali sehemu ya anwani yako, ili mgawaji ajue ulipo kweli. Cloudflare kwa makusudi hawafanyi hivyo, kwa kulinda faragha ya muulizaji. Kwa hiyo namba mbili zinazosifiwa kibandani kana kwamba ni kitu kimoja zinaweza kukupeleka kwenye seva mbili zilizo mbalimbali kabisa. Na kinyume chake kinawezekana vilevile: mtu mwenye mtoa huduma aliyeweka nakala ndani ya mtandao wake, akihamia DNS ya nje, anaweza kuiacha seva ya jirani na kwenda kuchota mbali.

Lakini umbali una ubaya gani, ikiwa laini yako ni ya megabiti 20? Fikiria mfanyabiashara wa Kariakoo anayemtumia mzigo mwenzake wa Kigoma, na wamekubaliana kwamba mzigo mwingine hautoki mpaka simu ya "nimepokea" iingie. Barabara inaweza kuwa pana kiasi chochote. Ikiwa kila safari ni gunia moja, kinachoamua mwezi utaisha na magunia mangapi ni muda wa kwenda na kurudi. Ndivyo data inavyosafiri. Konsoli huitangazia seva kiasi inachoweza kupokea kabla ya kurudisha uthibitisho. Kiasi hicho kikiwa kikubwa, umbali hausumbui sana. Kikiwa kidogo, umbali unaua.

Mwaka 2017 mhandisi wa mitandao Juho Snellman alichunguza malalamiko ya siku nyingi kwamba PS4 hupakua polepole, akapima kiasi hicho kwenye mashine yake. Aligundua kwamba gemu inapokuwa imefunguliwa, PS4 hushusha kiasi hicho hadi kilobaiti 7 tu. Shabaha yake inaeleweka: upakuaji usimkwamishe anayecheza mtandaoni. Lakini breki hiyo ilishikilia hata pale gemu ilipokuwa imeachwa nyuma, mtu akiwa amerudi kwenye ukurasa wa mwanzo na hachezi chochote. Gemu ikifungwa kabisa, breki inaachia.

Tupige hesabu. Tuseme kijana wa Tabata ana laini ya megabiti 20 kwa sekunde, anavuta gemu ya gigabaiti 50, na kwa kuwa DNS yake inamwelekeza Ulaya, data inachukua milisekunde 160 kwenda na kurudi. Amesimamisha mechi yake, akabonyeza kitufe cha PS, akaacha upakuaji uendelee. Kilobaiti 7 kila milisekunde 160 ni takriban kilobaiti 44 kwa sekunde kwa muunganisho mmoja. Kwa mwendo huo gemu itakamilika baada ya siku 13. Rafiki yake anamwambia aweke nane nne. Anaweka, na safari hii anapewa seva iliyo umbali wa milisekunde 20. Kasi inapanda hadi kilobaiti 350 kwa sekunde, mara nane ya ile ya kwanza, na siku 13 zinakuwa kama saa 40. Nani atamwambia kijana huyu kwamba DNS haina kazi? Ameona kwa macho yake.

Ila angeifunga tu ile gemu. Bila breki, laini yake ya megabiti 20 huvuta hadi megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, na gigabaiti 50 zinashuka kwa takriban saa tano na nusu. DNS ilimpunguzia makali ya tatizo ambalo chanzo chake kilikuwa kwingine. Kwa hiyo kabla ya kuandika namba yoyote, shikilia kitufe cha PS, chagua Close Application, kisha uitazame kasi kwa dakika kadhaa. Uchunguzi ule ulihusu PS4, na PS5 ni mashine nyingine, lakini hata huko kufunga gemu hakugharimu kitu.

Ukishafunga gemu na kasi bado ni ya kobe, ndipo inafaa kuuliza kama unapelekwa mbali. Hili unaweza kulipima badala ya kubahatisha. Chukua kompyuta iliyo kwenye waifai hiyohiyo ya konsoli, fungua dirisha la amri, uandike:

```
nslookup gs2.ww.prod.dl.playstation.net
nslookup gs2.ww.prod.dl.playstation.net 8.8.8.8
nslookup gs2.ww.prod.dl.playstation.net 1.1.1.1
```

Amri ya kwanza inamuuliza mtoa huduma wako, ya pili Google, ya tatu Cloudflare. Chini ya jibu la kila moja utaona anwani moja au zaidi. Zikiwa zilezile kwa wote watatu, kubadilisha DNS hakutakuongezea kasi ya gemu hizo, na unaweza kuishia hapo. Zikitofautiana, andika ping, acha nafasi, kisha anwani ya kwanza, na usome milisekunde zinazorudi. Halafu rudia kwa anwani nyingine. Ikiwa ya mtoa huduma inarudisha 12 na ya Cloudflare inarudisha 170, umepata jibu: usiguse kitu. Ikiwa ni kinyume chake, badilisha. Zipo seva zisizojibu ping, basi kwa hizo itabidi ujaribu kwenye konsoli yenyewe.

Kwenye PS4 njia ni hii: Settings, Network, Set Up Internet Connection. Chagua Use Wi-Fi au Use a LAN Cable kulingana na unavyounganisha, kisha Custom, siyo Easy. IP Address Settings iache kwenye Automatic, DHCP Host Name weka Do Not Specify. Ukifika DNS Settings chagua Manual, uandike:

```
Primary DNS:   8.8.8.8
Secondary DNS: 8.8.4.4
```

Kwa Cloudflare zingekuwa 1.1.1.1 na 1.0.0.1. Zinazofuata, MTU Settings iwe Automatic na Proxy Server iwe Do Not Use. Kuna wanaokuambia MTU uiandike 1473 kwa mkono; ushauri huo umezunguka miaka mingi na sijaona sababu ya kuufuata. Kwenye PS5 unaingia Settings, Network, kisha Settings, Set Up Internet Connection, unaweka alama juu ya jina la mtandao wako, unabonyeza kitufe cha options, halafu Advanced Settings, na humo utaikuta DNS Settings.

Kuna jambo moja huwapotosha wengi baada ya hapo. Upakuaji ambao tayari unaendelea hautahama wenyewe kwenda seva mpya, kwa sababu konsoli imeshapata namba yake na haina sababu ya kuuliza tena. Usimamishe, kisha uuendeleze, au zima konsoli kabisa na uiwashe. Halafu ulinganishe kwa saa ileile ya siku. Anayejaribu DNS ya mtoa huduma saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, na 8.8.8.8 saa kumi alfajiri, atasifia namba zisizostahili sifa. Na usitegemee sana ile kasi inayoonyeshwa na Test Internet Connection, maana huyumba mno. Tazama faili lenyewe, ni megabaiti ngapi zimeongezeka ndani ya dakika tano.

Yapo mambo ambayo DNS haiyafikii kabisa. Bando lililobanwa kasi baada ya kufikia kikomo chake litabaki limebanwa. NAT Type 3, inayokuzuia kuzungumza na wenzako kwenye mechi, ni suala la ruta. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na majirani zao, hapakuwa na namba ya kuandika ambayo ingeurudisha upana wa barabara uliopotea.

Yapo pia mambo ambayo DNS inayafikia kupita unavyotaka. Mwenye seva ya DNS ndiye anayeamua kila jina unaloliuliza likupeleke wapi. Zinazunguka namba zinazosemekana kuwa za siri, za kupata kasi ya ajabu au gemu za bure, na nyingine zimetengenezwa mahsusi ili PS4 ikifungua kitabu chake cha maelekezo mtandaoni iangukie kwenye ukurasa wa mtu mwingine, wenye programu za kuivunja mashine ulinzi wake. Anayetaka kuivunja mashine yake anajua anachofanya; anayetafuta kasi tu hana haja ya namba hizo. Novemba 2011 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliwanasa watu waliokuwa wamebadilisha DNS za kompyuta takriban milioni nne katika nchi zaidi ya mia moja, ili wapitishe watumiaji kwenye matangazo yao. Seva zile hazikuweza kuzimwa siku hiyohiyo, kwa sababu wote waliokuwa wakizitumia bila kujua wangepoteza intaneti. Ziliendeshwa kwa muda na watu waaminifu hadi 9 Julai 2012.

Kama una konsoli tatu au nne kibandani, usihangaike na kila moja. Badilisha DNS kwenye ruta, kwenye ukurasa wake wa mipangilio, na mashine zote zitafuata mradi zimeachwa kwenye Automatic. Ruta nyingine zinazotolewa na watoa huduma hazina ruhusa hiyo, na hapo utarudi kwenye konsoli mojamoja. Na siku ukiibeba PS yako kwenda hosteli au hotelini, rudisha DNS Settings kwenye Automatic kabla ya kuunga waifai ya huko. Mitandao ya namna hiyo hukuonyesha kwanza ukurasa wa kujaza namba ya chumba au nenosiri, na mingi huuleta ukurasa huo kwa kutumia DNS yake yenyewe. Konsoli iliyokaririshwa nane nne inaweza isiuone kamwe, nawe ukabaki ukidhani waifai ya hoteli ni mbovu.